Mapigo sawa, kalori tofauti: kikokotoo kinamdanganya nani?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaenda jimu hapa Ntinda, Kampala. Tunatembea kwenye tredimili mbili zilizo jirani, dakika 45, kasi kilomita 4.8 kwa saa, mwinuko asilimia 5, kila mtu na mshipi wake wa kifuani wa kupima mapigo. Juzi wastani wetu ulilingana, mapigo 138. Tukaingiza kwenye kikokotoo cha kalori: mimi (miaka 34, kilo 82) nikapewa kalori 360, yeye (miaka 38, kilo 70) akapewa 576. Mimi ndiye mzito! Nikajaribu kuandika kilo 72, nikapewa 374. Yaani nikipungua ndiyo naunguza zaidi? Nani anadanganywa hapa? Maana yeye akitoka jimu anakula roleksi mbili, zile chapati za mayai, na kusema ameshazilipia."*

Marahaba, dada. Anayedanganywa ni shemeji. Namba yako iko karibu sana na ukweli, ingawa imefika huko kwa njia ya kuzunguka. Ya kwake imezidi karibu mara mbili. Nitaweka hesabu mezani, maana bila hesabu atasema nimekupendelea.

Nilichukua namba zenu nikazipitisha kwenye fomula ambayo vikokotoo vingi vya mtandaoni vinaitumia, na zikatoka zilezile, 360 na 576. Basi sihitaji kubahatisha mnatumia nini. Ni fomula ya Keytel na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2005 kutokana na kazi iliyofanyika Cape Town. Iko hivi, jibu likiwa kilojuli kwa dakika:

```
Mwanamume: -55.0969 + 0.6309*HR + 0.1988*kg + 0.2017*umri
Mwanamke:  -20.4022 + 0.4472*HR - 0.1263*kg + 0.074*umri

kcal kwa dakika = kilojuli kwa dakika / 4.184
```

HR ni mapigo kwa dakika, na kcal ndizo kalori tunazozisema hapa. Tuanze na wewe. Mapigo 138 yakizidishwa kwa 0.4472 yanatoa 61.71. Toa 20.40. Toa 10.36, ambayo ni kilo zako 82 mara 0.1263. Ongeza 2.52 ya umri. Zinabaki kilojuli 33.47 kwa dakika, na ukigawa kwa 4.184 unapata kalori 8.0 kwa dakika. Mara 45 ni 360. Kwa shemeji, hesabu ya aina hiyohiyo inaishia kwenye kilojuli 53.55, yaani kalori 12.8 kwa dakika, na dakika 45 zinafika 576. Kikokotoo kimejumlisha vizuri. Tatizo limo ndani ya fomula yenyewe.

Ninyi mmekulia Busia, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya jerikeni. Nikikwambia mtoto amekwenda kisimani mara kumi, utajua ameleta maji kiasi gani? Hutajua. Lazima uulize jerikeni ni ya lita tano au ishirini, kisha uulize katika maji yaliyofika nyumbani ni kiasi gani kilitumika na kiasi gani kilirudi kilivyo. Moyo ni hivyohivyo. Kalori unazounguza zinafuata oksijeni ambayo misuli imeitumia, na oksijeni hiyo ni zao la vitu vitatu: idadi ya mapigo, damu inayosukumwa kwa kila pigo, na oksijeni ambayo misuli inafaulu kuitoa kwenye damu inapopita. Mshipi wa kifuani unahesabu safari tu. Ukubwa wa jerikeni hauuoni, wala hauoni maji yanayorudi bila kutumika.

Umri, uzito na jinsia vimewekwa kwenye fomula ili visaidie kukisia hivyo viwili visivyoonekana. Jinsia ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kwa wastani moyo wa mwanamume ni mkubwa zaidi na damu yake ina hemoglobini nyingi zaidi, kwa hiyo pigo moja hupeleka oksijeni zaidi. Ndiyo sababu kila pigo la mwanamume linahesabiwa 0.6309 na la mwanamke 0.4472. Umri unaingia kwa sababu kilele cha mapigo hushuka miaka inavyokwenda: mapigo 138 kwa mtu wa miaka 44 ni juhudi iliyokaribia kilele chake kuliko 138 hizohizo kwa kijana wa 20. Umri una mchango mdogo na hausumbui sana, nitauacha hapo.

Uzito ndio uliokukwaza, na una haki. Angalia alama iliyo mbele ya kilo katika mstari wa wanawake. Ni ya kutoa. Fomula inasema kila kilo uliyo nayo inapunguza kalori, wakati mtu yeyote aliyewahi kupanda kilima na gunia la mahindi kichwani anajua kwamba mzigo unaongeza kazi.

Hiyo alama si kosa la uchapaji. Nalisema kwa sababu kuna kishawishi cha kuisahihisha. Ukikutana na kikokotoo kinachokupa kalori 583 kwa namba zako hizohizo, ujue aliyekitengeneza ameigeuza kuwa ya kujumlisha. Kikikupa 1,506, amesahau kugawa kwa 4.184 na anakuonyesha kilojuli akiziita kalori.

Alama imekujaje? Watafiti walichukua watu 115 waliozoea mazoezi, wa miaka 18 hadi 45, wakawapima wakiwa kwenye tredimili au baiskeli, oksijeni na mapigo kwa pamoja, kisha wakatafuta namba za kuzidishia zinazoshika vipimo hivyo vizuri zaidi. Namba hizo hazikutoka kwenye sheria za mwili. Zimetoka kwenye kundi lile. Na mapigo yanapokuwa yamekwisha kuingizwa, kilo hazielezi tena uzito wa mzigo, kwa sababu mzigo umeshaonekana kwenye mapigo yenyewe: ukibeba zaidi moyo unakwenda mbio zaidi. Kinachobaki kwa kilo ni kuwa dalili ya kitu kingine, nacho ni usawa wa mwili kimazoezi. Ukichukua wanawake wawili wenye mapigo 138 na mmoja ni mzito zaidi, fomula inakisia kwamba huyo mzito ana jerikeni ndogo kwa kadiri ya mwili wake na moyo wake unafika 138 kwa kazi ndogo. Hivyo inampunguzia.

Ushahidi upo katika kazi ileile. Watafiti walitengeneza fomula ya pili, safari hii wakiingiza kipimo halisi cha usawa wa mwili, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mtu anaweza kutumia kwa kila kilo kwa dakika. Simu na saa nyingi hukiandika `VO2max`. Mara usawa ulipoingia kwa jina lake, uzito wa wanawake ukaacha kusemea kitu kingine na alama yake ikarudi kuwa ya kujumlisha, 0.103 kwa kila kilo. Na fomula ikapata macho zaidi. Ile ya kwanza inaeleza asilimia 73 ya tofauti za matumizi ya nguvu kati ya watu. Ya pili inafika asilimia 83.

Kwa hiyo ile 374 yako haina maana kwamba ukipungua kilo kumi utaunguza zaidi. Ulichokifanya ni kuiambia fomula kwamba wewe ni mwanamke mwingine, mwepesi na pengine mwenye mazoezi zaidi, ambaye moyo wake umefika 138 kwa kufanya kazi kubwa kuliko uliyofanya. Ukipungua kilo kumi kwelikweli na kutembea kwa kasi ileile, mapigo yako nayo yatashuka, na hapo kalori zitapungua kama akili inavyotegemea.

Sasa, nani yuko karibu na ukweli? Mnayo bahati ambayo wengi hawana: mlikuwa kwenye mashine inayojua kasi na mwinuko. Kutembea kuna hesabu yake isiyouliza mapigo hata kidogo. Ni ya chama cha Marekani cha tiba ya michezo, ACSM, na inakisia oksijeni katika mililita kwa kila kilo kwa dakika:

```
oksijeni = 0.1*kasi + 1.8*kasi*mwinuko + 3.5
```

Kasi hapa ni mita kwa dakika. Kilomita 4.8 kwa saa ni mita 80 kwa dakika, na mwinuko wa asilimia 5 unaandikwa 0.05. Kwenda mbele ni 8, kupanda ni 7.2, na 3.5 ni ile ambayo mwili ungeitumia hata ukiwa umeketi. Jumla ni 18.7. Kwa kilo zako 82 hiyo ni mililita 1,533 kwa dakika, lita moja na nusu na kidogo. Lita moja ya oksijeni ni kama kalori 5, kwa hiyo ni kalori 7.67 kwa dakika, 345 kwa dakika 45. Kikokotoo kilikupa 360. Kwa kazi ya kukisia, hapo hakuna ugomvi.

Shemeji alitembea kasi ileile, mwinuko uleule, akiwa na kilo 70 za kubeba. Kwake ni mililita 1,309, kalori 6.54 kwa dakika, 294 kwa dakika 45. Kikokotoo kilimpa 576. Na kama ungependa kumwonyesha jinsi namba hiyo isivyowezekana, igeuze: kalori 12.8 kwa dakika kwa mtu wa kilo 70 ni oksijeni ya mtu anayekimbia kama kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare. Wewe ulikuwa pembeni yake. Alikuwa anakimbia?

(Hesabu ya tredimili ina sharti moja: mikono isishike vyuma. Ukiegemea vyuma vya mbele wakati mashine imeinuka, unaikodisha mikono ifanye kazi ya miguu, na zile kalori za kupanda zinayeyuka. Nikipita jimu yoyote ya Kampala jioni naona nusu ya watu wamening'inia kama abiria wa taksi iliyojaa.)

Kwa nini fomula imekosea kwake sana na kwako kidogo? Hapa nakisia, lakini nakisia kwa namba. Shemeji ni mwembamba, na watu humwona ana mwili wa mazoezi. Wembamba hautuambii lolote kuhusu jerikeni. Mtu aliyezoea mazoezi wa umri wake hafiki 138 kwa kutembea kilomita 4.8 kwenye mwinuko wa 5. Kilele cha mapigo yake kwa kukisia ni 182, kwa hiyo 138 ni kama robo tatu ya kilele. Moyo unaofika robo tatu kwa kazi ya mililita 18.7 ni wa mtu ambaye mwisho wake uko kama mililita 30, kiwango cha mtu wa kukaa kitini. Mstari wa wanaume katika fomula ulipimwa kwa wanaume waliozoea mazoezi, ambao wakifika 138 wanakuwa wanafanya kazi kubwa kwelikweli. Shemeji amefikia mapigo yao bila kazi yao, na fomula ikamlipa mshahara wao.

Nilijaribu kuwaweka nyote kwenye ile fomula ya pili kwa kiwango cha 30. Wewe unapata 343, ambayo ni kama kugusana na tredimili. Yeye anashuka kutoka 576 hadi 449. Imesaidia, lakini bado amezidishiwa nusu nzima. Fomula iliyojengwa juu ya watu wa mazoezi inaweza kumsogelea asiye wa mazoezi, kumfikia ni shida. Na namba yako nzuri isikufanye uiamini mno: mstari wa wanawake ulikukisia kuwa una usawa mdogo kwa sababu ya kilo zako, na safari hii ikatokea kweli. Mwanamke wa kilo 82 anayecheza netiboli mara nne kwa wiki angepunjwa kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jaribio la nyumbani linaloonyesha mpaka wa fomula hii. Kaa kwenye kochi, pumua, pima mapigo. Tuseme ni 62. Yaweke kwenye mstari wako. Utapata kilojuli −0.52 kwa dakika. Umesoma vizuri, ni chini ya sifuri. Kulingana na fomula, ukiwa umeketi unatengeneza nguvu badala ya kuitumia. Tungeweza kukuunganisha kwenye nyaya umeme ukikatika. Kwa kweli mwili wako unatumia kalori moja hivi na kidogo kila dakika hata ukilala. Fomula haikutengenezwa kwa mapumziko. Watu wale walipimwa wakiwa katika mazoezi ya wastani hadi makali kiasi, na nje ya eneo hilo mstari unaendelea tu kama reli isiyo na stesheni.

Upande wa pili wa jaribio ni mbaya zaidi, kwa sababu jibu linaonekana la busara. Mweke shemeji mbele ya televisheni siku Cranes, timu yetu ya taifa, wanacheza uwanja wa Namboole. Moyo wa shabiki ukipanda hadi wastani wa 88, ameketi, mkono mmoja una njugu, fomula inampa kalori 5.26 kwa dakika. Dakika 90 ni kalori 473. Kwa kutazama mpira ameunguza kuliko alivyounguza kwenye tredimili kwa hesabu ya kweli. Moyo hapo umesukumwa na hofu. Misuli haikuomba oksijeni yoyote ya ziada, na fomula haina njia ya kujua tofauti.

Hapo ndipo pa kushika. Fomula hukosea kila moyo unapopandishwa au kushushwa na kitu kisicho kazi ya misuli. Kiasi cha kosa ni rahisi kukumbuka: kila pigo la ziada lisilo la kazi linaongeza kalori 0.15 kwa dakika kwa mwanamume na 0.11 kwa mwanamke. Mapigo kumi ya bure kwa dakika 45 ni kalori 68 za hewa kwake, 48 kwako.

Linalowapata watu wengi hapa kwetu ni joto. Ukitembea zaidi ya nusu saa kwenye chumba kisicho na hewa, mapigo hupanda polepole ingawa kasi haijabadilika. Damu nyingine inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili, jasho linapunguza maji ya damu, kila pigo linabeba kidogo, na moyo unafidia kwa kuongeza safari. Jerikeni imepungua, safari zimeongezeka, maji ni yaleyale. Kulitambua si kazi. Fungua grafu ya mshipi wako uangalie mapigo ya dakika ya 12 na ya dakika ya 42. Kama mashine haikuguswa na mapigo yamepanda kutoka, tuseme, 130 hadi 145, hayo 15 si kalori. Mimi nikitumia fomula kwa mtu, huchukua wastani wa kati ya dakika ya 8 na ya 20 na kuutumia kwa muda wote.

Jingine ni ugonjwa, na hili lilinipata mwenyewe. Nina tredimili ninayoijua, kasi ileile kila wiki, na moyo wangu hukaa karibu 124. Mwaka mmoja nilirudi mapema mno baada ya malaria, nikijiona nimepona. Mapigo yakawa 140. Kikokotoo kikanisifu kwa kalori 96 za ziada katika dakika 40, siku ambayo nilikuwa dhaifu kuliko siku zote. Homa huongeza mapigo, kama kumi kwa kila digrii, na upungufu wa damu ambao malaria huacha nyuma unafanya kazi hiyohiyo bila homa: damu ina hemoglobini chache, kwa hiyo moyo unakimbia kuleta oksijeni ileile. Siku mapigo yako yamepanda kumi au zaidi kwa kazi unayoijua, funga kikokotoo. Na ukiona hali inaendelea, kapimwe damu.

Baadhi ya dawa za presha zinakwenda kinyume. Atenololi na propranololi hushika moyo usipande. Nilikuwa na mama mmoja, mwenye maduka mawili, aliyepanda mwinuko bila shida huku mshipi ukigoma kwenye 104. Kikokotoo kilimpa kalori za mtu anayetembea sokoni, akavunjika moyo na kutaka kuongeza kasi hadi alama ipande. Hapo kosa la hesabu linageuka kuwa hatari. Kwa anayetumia dawa za kundi hilo, hizi fomula hazisahihishiki. Atumie kasi na mwinuko, na ukali wa mazoezi aupime kwa pumzi, kama anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Dawa asiiguse bila daktari wake.

Mjamzito naye asiitumie, moyo wake uko juu kwa sababu zake. Vyuma pia: ukinyanyua, misuli inabana mishipa na mapigo yanaruka bila oksijeni kufuata, hivyo kalori zinazoandikwa huwa nyingi mno. Na mkienda likizo Kabale au Kapchorwa, siku za kwanza mapigo yatakuwa juu kuliko ya Kampala kwa mwendo uleule, kwa sababu kule ni juu zaidi na hewa yake ina oksijeni chache. Watu wa Keytel walikuwa Cape Town, usawa wa bahari.

Turudi kwenye roleksi. Kuna makato ambayo hesabu zote mbili hazikuwaambia. Zile 345 zako na 294 zake ni jumla, na ndani yake mna kalori ambazo mngeziunguza hata kama mngebaki nyumbani. Ni ile 3.5 ya mwisho katika hesabu ya kutembea. Kwako ni kama 65 kwa dakika 45, kwake 55. Tredimili kwa hiyo imekuongezea 280 na yeye 239. Hiyo 239 ndiyo ya kupeleka kwa muuza roleksi, na hapo sijui atanunua ngapi, lakini 576 haikuwahi kuwa mfukoni mwake.

Mnapokuwa kwenye tredimili mnatembea, tumieni hesabu ya kasi na mwinuko. Mapigo yaacheni yafanye kazi yanayoiweza, kuwaonyesha kama kazi ileile inaanza kuwa rahisi. Mkitoka nje, kupanda na kushuka vilima vya Ntinda na Naguru ambako hakuna mashine ya kuwaambia mwinuko, hapo fomula ya mapigo ina nafasi, mradi mnatembea kwa mfululizo, mmelala vizuri, hamna homa, na jibu la shemeji mnaligawa kwa mbili hadi mwili wake ubadilike.

Na utabadilika. Akiendelea hivi miezi miwili, kwa kasi ileile na mwinuko uleule, moyo wake unaweza kushuka kutoka 138 hadi kama 126. Siku hiyo kikokotoo kitampa 494 badala ya 576 na atakuja kwako akilalamika kwamba mazoezi yameacha kufanya kazi. Mwonyeshe skrini ya tredimili: 4.8, 5, dakika 45. Kilo zake zikiwa bado 70, ni 294, kama juzi.